Kufuatilia ndoto zako baada ya talaka: mwongozo kamili wa miezi minne

Wanaoanza daftari la ndoto baada ya ndoa kuvunjika hukwama karibu wote mahali pamoja. Wanaandika siku kadhaa, kisha asubuhi moja wanaamka wamemuota yule waliyeachana naye akicheka, akiwashika mkono, kila kitu kikiwa kama zamani. Daftari linawekwa kando, swali linaanza: je, hii ni ishara nirudi? Wengine wanafungua vitabu vya tafsiri ya ndoto. Wengine wanampigia simu kabla hata ya kupiga mswaki.

Tatizo ni kuisoma ndoto moja kana kwamba ni barua. Ndoto moja haina la kukuambia kuhusu unakoelekea. Ndoto ishirini zilizoandikwa kwa utaratibu uleule zina mengi, kwa sababu hapo unaweza kuona nini kimebadilika. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo: kuandika, kuweka alama, kusoma mfululizo, na kuishughulikia ndoto inayogoma kuondoka.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari la karatasi lenye kurasa 100 hivi, na kalamu iliyofungwa kwa kamba kwenye daftari lenyewe. Usiku hutafuti kalamu.
- Taa ndogo yenye mwanga hafifu.
- Saa ya kuamsha isiyo simu. Ukizima kengele kwenye simu utaona ujumbe, na ujumbe mmoja wa wakili au wa mwenzi wa zamani unatosha kuifuta ndoto yote kichwani.
- Kalenda yenye tarehe zinazokugusa: siku za mahakama, siku za watoto kwenda na kurudi, tarehe ya harusi, siku ya kuhama.
- Mahali pa kulifungia daftari kwa ufunguo.
- Muda: dakika 5 kila asubuhi, na dakika 20 mara moja kwa wiki.

Hilo la ufunguo si mbwembwe. Kama bado mnabishania watoto au mali, maandishi yako ya usiku yakiangukia mikononi mwa mtu mwingine yanaweza kusomwa vibaya. Tena mtoto akisoma kwamba umeota baba yake amekufa, hataelewa kuwa ilikuwa ndoto tu. Usiandike majina, tumia herufi moja.

## Hatua ya 1: Tengeneza usingizi kabla ya kutafuta ndoto

Usingizi huja kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Mwishoni mwa kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, na ndoto nyingi zenye visa vilivyo wazi hutoka hapo. Mapema usiku kipindi hicho ni kifupi. Kuelekea alfajiri kinarefuka. Kwa hiyo anayelala saa nane za usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri anajikata sehemu yenye ndoto nyingi zaidi, halafu anasema haoti.

Baada ya talaka usingizi huvurugika kwa namna inayotabirika. Kitanda ni kikubwa ghafla, nyumba ina sauti ambazo hukuwahi kuzisikia, na simu inakuwa mwenzi wa kulala naye. Chagua saa moja ya kuamka na uishike kila siku, hata siku ambazo watoto hawapo. Saa ya kuamka ndiyo inayovuta saa ya kulala, si kinyume chake.

Pombe inastahili neno lake. Inamsaidia mtu kushikwa na usingizi, lakini hupunguza usingizi wa ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku, kisha mwili unadai deni lake alfajiri: ndoto kali, jasho, kukurupuka. Ukiandika ndoto ya usiku huo, weka nyota pembeni ujue ilitoka wapi.

Tahadhari. Dawa nyingi za sonona hupunguza usingizi wa ndoto, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta ndoto nzito mno. Usiache wala kupunguza dawa ili uote. Andika tu tarehe dawa ilipoanza au kipimo kilipobadilishwa.

Utajua umefanikiwa ukianza kukumbuka ndoto mbili au tatu kwa wiki. Hutafuti zaidi ya hapo.

## Hatua ya 2: Andika kabla ya kunyanyuka

Ukiamka, usigeuke. Kaa mkao uleule, macho yakiwa yamefumba, ujiulize maswali matatu: nilikuwa wapi? nilikuwa na nani? nilikuwa nafanya nini? Kipande kimoja kikishikika, vingine hufuata. Ndoto hupotea haraka sana mara mawazo ya siku yanapoingia, ndiyo maana kwenda msalani kwanza kunaigharimu.

Andika kwa wakati uliopo: “Nipo jikoni, yeye amekaa mezani.” Ukiandika “nilikuwa” unaanza kusimulia, na msimulizi huwa anapamba na kupanga. Ukiandika “nipo” unabaki ndani ya tukio na unaona vitu vidogo ambavyo ungeviruka.

Usitafsiri chochote asubuhi. Hata sentensi moja ya “nadhani hii ina maana kwamba…” isiingie. Ukiianza, kesho utaota huku ukitafuta maana na daftari litajaa maoni badala ya ndoto.

Kama hukumbuki chochote, andika hisia uliyoamka nayo na tarehe. “Nimeamka na uzito kifuani, sijui kwa nini” ni rekodi kamili.

Tahadhari kubwa ya hatua hii. Usimtafute mwenzi wako wa zamani kwa sababu ya ndoto kabla ya jioni ya siku hiyo. Ndoto yenye mapenzi humwacha mtu na hisia hai kabisa, mwili mzima ukiamini kwamba jambo limetokea. Hisia hiyo hupungua kadiri siku inavyosonga. Kama jioni bado una jambo la kumwambia, lipime kama jambo la mchana: je, ningemwambia hili kama sikuota? Hii inawahusu pia wanaoota wamelala naye. Ndoto hizo ni za kawaida mno, huja hata kwa watu wasiomtaka tena kabisa, hata kwa waliokwisha kuanza na mwingine. Miaka mingi ya kulala kitanda kimoja haifutwi na muhuri wa mahakama.

## Hatua ya 3: Pima hisia tatu, kwa mpangilio wa kufika

Hapa ndipo madaftari mengi yanapoharibika. Mtu anaandika kisa cha ukurasa mzima, kisha mwishoni anaweka neno moja: “huzuni”. Lakini ndoto za baada ya talaka huwa na hisia zilizochanganyika, na kinachobadilika kwa miezi ni ule mchanganyiko wenyewe.

Chini ya kila ndoto andika hisia tatu, kila moja kwa alama 0 hadi 10: upweke, uhuru, hofu. Halafu, na hili ndilo muhimu, andika ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Tumia mshale mdogo kama hauna muda wa maneno.

Mpangilio una maana kwa sababu hii. Katika miezi ya mwanzo, uhuru ndotoni mara nyingi huwa wa kuponyoka: unaruka, unaendesha gari peke yako, unajikuta katika mji usioujua, raha tupu, halafu ghafla kitu kinakosekana. Mtoto hayupo. Pochi haipo. Hujui njia ya kurudi. Uhuru umefika kwanza, hofu imekuja kuudai. Mtu akiandika “hofu 9” peke yake, anakosa kuona kwamba kabla ya hapo alikuwa na furaha ambayo hajaionja kwa miaka. Akiandika “uhuru 8” peke yake, anajidanganya.

Baadaye, kwa wengi, mshale unageuka. Ndoto inaanza kwa hofu, mlango usiojulikana au chumba chenye giza, halafu mtu anaingia na kukuta mahali panapokalika. Matukio yanaweza kufanana kabisa na ya zamani. Kilichogeuka ni nani anatangulia.

Upweke nao una sura mbili, na ni vizuri kuzitenganisha kwa herufi. Upo upweke wa kuwa peke yako (weka P) na upo upweke wa kuwa na mtu asiyekuona (weka M). Anayeota amekaa kando ya mwenziwe, anaongea na hajibiwi, huyo yuko kwenye M, na mara nyingi hiyo ni picha ya ndoa yenyewe kuliko ya talaka. Watu hushtuka wakihesabu na kukuta kwamba M zao ni nyingi kuliko P.

Kama kuna hasira au aibu, iandike kwa neno pembeni. Usiongeze safu ya nne na ya tano, utachoka na kuacha.

## Hatua ya 4: Mara moja kwa wiki, jaza safu nne

Chagua siku moja, mchana, ukiwa umetulia. Soma ndoto za wiki nzima na ujaze safu nne kwa kila moja.

Mahali. Nyumba ya zamani, nyumba ya sasa, nyumba ya wazazi, au mahali pageni?

Yeye. Yupo? Kama yupo, anafanya nini, na ana nafasi gani: mhusika mkuu au mpita njia?

Mimi. Nafanya au nafanyiwa? Naongea au sauti haitoki? Nakimbia, nasimama, nachagua?

Mwisho. Ndoto imekatika katikati ya hofu, au jambo limefikia mahali?

Kisha fungua kalenda uandike kilichotokea siku moja au mbili kabla ya ndoto, na kilichotokea kama wiki moja kabla. Vipande vya siku huingia ndotoni zaidi katika vipindi hivyo viwili: mara tu baada ya tukio, na tena baada ya siku 5 hadi 7. Ndiyo maana unaweza kuota mahakama siku ambayo hukuiwaza kabisa, ukadhani kuna jambo linakuja, kumbe kikao kilikuwa Jumatano iliyopita.

Kwa nini safu ya “Yeye” isiachwe, ingawa wengi wangependa kuona imekaa tupu? Mwanasaikolojia Rosalind Cartwright wa Chicago aliwalaza maabara watu waliokuwa wakipitia talaka, akawa anawaamsha usiku na kuwauliza walikuwa wanaota nini. Kati ya waliokuwa na sonona, wale waliowaota wenzi wao wa zamani, katika ndoto zenye hisia kali na kisa kinachosonga, walielekea kuwa na nafuu zaidi mwaka mmoja baadaye. Wale ambao ndoto zao zilikuwa fupi na baridi, bila hisia yoyote, walielekea kubaki pale pale.

Usiuchukulie utafiti huo kama dawa. Haumaanishi kwamba ukijilazimisha kumuota utapona, wala kwamba asiyemuota ana kasoro. Ila unatosha kukuondolea wasiwasi mmoja: kumuota baada ya miezi sita si dalili kwamba umeshindwa kuachana naye.

Tahadhari. Usijaze safu hizi kwa alama za vitabu, kwamba maji ni hivi na nyoka ni vile. Mtu aliyenusurika kuzama na mtu aliyekulia ufukweni hawaoti maji yaleyale.

Utajua umefanikiwa ukiweza kujaza wiki nzima kwa dakika 20 bila kubishana na nafsi yako. Ukishindwa kuamua, andika “sijui” na uendelee.

## Hatua ya 5: Soma mfululizo, usisome usiku mmoja

Usifanye hatua hii kabla ya wiki ya nane. Mapema kuliko hapo utakuwa unasoma kelele.

Tuchukue mfano, nimeuunda ili hatua zote zionekane mahali pamoja. Mwanamke wa miaka 42, ndoa ya miaka 15, watoto wawili. Aliyeomba talaka ni yeye mwenyewe. Anaanza daftari mwezi mmoja baada ya kuhama.

Wiki ya 2. “Nipo jikoni, nyumba ya zamani. K amenipa mgongo, anakula. Naongea, sauti haitoki. Naangalia mezani, kuna sahani moja tu.” Upweke 8 (M), hofu 5, uhuru 0. Mahali: nyumba ya zamani. Mimi: nafanyiwa. Mwisho: imekatika.

Wiki ya 5. “Naendesha basi kubwa. Sijawahi kuendesha basi. Barabara pana, upepo unaingia, nacheka kwa sauti. Inaanza teremko. Nakanyaga breki, mguu unazama mpaka chini, hakuna kitu. Nageuka nimwite mtu anisaidie. Viti vyote vitupu.” Uhuru 8, kisha hofu 9, kisha upweke 6 (P). Mahali: pageni. Mimi: nafanya, kisha nashindwa. Mwisho: imekatika. Kalenda: siku sita kabla amesaini mkataba wa nyumba kwa jina lake peke yake.

Wiki ya 8. “Nipo jikoni tena. Kuna mwanamke nisiyemjua anaosha vyombo. Ananiuliza, unamtafuta nani? Namwambia, simtafuti mtu, nimekuja kuchukua sufuria yangu. Naichukua. Moyo unanidunda.” Hofu 6, hasira, upweke 5 (P), uhuru 2. Kalenda: jana yake watoto wamemwambia baba yao ana mtu.

Wiki ya 13. “Nyumba siijui ila ni yangu. Nyuma ya kabati kuna mlango. Naogopa, nafungua. Chumba kitupu, dirisha kubwa, vumbi. K anapita kwenye korido amebeba boksi, anauliza ufunguo wa gari uko wapi. Namwambia sijui. Naendelea kufagia.” Hofu 5, kisha uhuru 6, upweke 3 (P). Mwisho: umefikia mahali.

Sasa soma kwa safu, kuanzia juu kwenda chini, ukiacha visa vyenyewe.

Ukisoma wiki ya 8 peke yake, utasema amerudi nyuma: jiko lilelile, moyo unadunda, na juu yake kuna mwanamke mwingine. Lakini tazama safu ya “Mimi”. Wiki ya 2 sauti haikutoka. Wiki ya 8 imetoka, amejibu, amechukua kilicho chake. Mahali pamerudi, mwotaji hakurudi nyuma. Kwa maoni yangu safu ya “Mimi” ndiyo ya kuaminiwa zaidi kuliko zote nne. Mahali hubadilika na kurudi kwa sababu ya kalenda tu, lakini namna mtu anavyotenda ndani ya ndoto huwa haibadiliki kwa bahati.

Safu ya “Yeye” nayo inasimulia. Mwanzo mgongo wake unajaza jiko zima. Mwisho anapita na boksi, anaulizia ufunguo. Hajafutika. Amepungua ukubwa, na ndivyo inavyokuwa kwa wengi: anahama kutoka katikati ya picha kwenda pembeni. Anayesubiri asimuote tena kabisa anasubiri kitu ambacho kinaweza kisitokee, wala hakihitajiki.

Upweke umetoka M kwenda P, kisha ukashuka kutoka 8 hadi 3. Na mshale: wiki ya 5 uhuru ulitangulia hofu, wiki ya 13 hofu imetangulia uhuru.

Fanya hivyo kwa ndoto zako. Andika mistari mitatu tu: kilichobadilika, kilichobaki, kinachojirudia.

Mambo yanayopotosha usomaji. Kuna matukio yanayorudisha ndoto za wiki ya kwanza kwa nguvu: kikao cha mahakama, tarehe ya harusi, habari kwamba mwenzio ameoa au ameolewa, mtoto kuugua ukiwa peke yako usiku, na usiku wa kwanza kulala na mtu mpya. Wiki hizo zizungushie duara na uzisome baada ya majuma mawili. Pia tofautisha aliyeacha na aliyeachwa. Anayeachwa bila kutegemea huanza mara nyingi na ndoto za kutafuta na kusubiri. Aliyeomba talaka huanza mapema na uhuru, akashangaa kwa nini hofu imechelewa kufika mpaka mwezi wa pili au wa tatu. Usipime daftari lako kwa la mwingine.

## Hatua ya 6: Ndoto inayojirudia, iandike upya

Huenda mstari wako wa tatu una ndoto moja isiyoondoka. Kwa mwanamke wa mfano wetu ni basi: limerudi wiki ya 6, ya 9, ya 10. Kwa ndoto za namna hii ipo mbinu iliyopimwa hospitalini, mazoezi ya kuibadilisha taswira ukiwa macho. Barry Krakow na wenzake waliijaribu kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, na matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2001, yalionyesha jinamizi kupungua na usingizi kutengemaa. Inadhaniwa inafanya kazi kwa sababu ndoto mbaya inayorudi huwa kama njia iliyozoeleka, ubongo unaipita bila kuichagua. Mazoezi yanafungua njia ya pili.

Fanya hivi, mchana, si kitandani:

1. Chagua ndoto yenye uzito wa wastani. Ile mbaya kuliko zote iache kwanza.
2. Iandike kwa ufupi mpaka pale inapoanza kuharibika, usiende mbali zaidi.
3. Badilisha kitu kimoja, chochote unachotaka. Kinaweza kuwa mwisho, mahali, hata rangi ya gari. Chagua wewe, usiulize “kingefaa” kiwe nini.
4. Andika toleo jipya lote, kwa wakati uliopo.
5. Kwa dakika 10 hadi 20 kila siku, fumba macho uliangalie toleo jipya likipita. La zamani usilirudie kabisa.

Basi la mfano wetu liliandikwa hivi: “Nakanyaga breki, hakuna kitu. Narudisha gia, injini inanguruma, mwendo unapungua. Kushoto kuna mchanga. Naliingiza basi mchangani, linazama taratibu, linasimama. Nimekaa. Nasikia injini inapoa.”

Angalia kwamba hakumpandisha mtu yeyote kwenye viti vile. Wengi hukosea hapo: wanamleta mwenzi wa zamani aje ashike usukani, au shujaa mpya. Ndoto iliyoandikwa hivyo humtuliza mtu usiku mmoja na kumwacha na hofu ileile, kwa sababu hofu ya basi ilikuwa ya kubaki peke yake na jambo zito. Lakini pia viti havilazimiki kubaki vitupu. Kama toleo lako lina dada yako amekaa nyuma anaimba, vema.

Utajua umefanikiwa si kwa kuota toleo jipya. Wachache huliota kama lilivyo. Ishara ni kwamba baada ya wiki chache ndoto ya zamani inakuja kwa nadra, au inakuja imechakaa: basi lipo lakini teremko si kali, au unajua kabisa kwamba unaota.

Acha mara moja kama mazoezi yanakuacha na mtetemeko, au picha za mambo yaliyotokea kweli zinakuvamia mchana. Hapo unahitaji mtu wa kukaa nawe.

## Hatua ya 7: Lini daftari halitoshi

Kama ndoa ilikuwa na kipigo au vitisho, na ndoto zako zinarudia tukio kama lilivyotokea, neno kwa neno, hicho ni kiwewe na si mfululizo wa kufuatilia kwa safu. Mtafute mtaalamu wa afya ya akili kabla ya hatua ya 6, na umpelekee daftari. Litamwokolea vikao kadhaa vya kuuliza.

Mtafute pia kama jinamizi linakuja zaidi ya mara moja kwa wiki kwa mwezi mzima, mpaka unaogopa kulala au kazi inakushinda mchana. Kama unarusha mikono na miguu, unapiga ukuta, unaanguka kitandani ukiwa ndani ya ndoto, muone daktari, kwa sababu hilo ni suala la usingizi wenyewe. Na kama unaamka ukiwa na wazo la kujiua, au ndoto za kifo zinakuacha na hamu badala ya woga, usisubiri siku ya kujaza safu. Mwambie mtu leo, ana kwa ana, na uende hospitali.

Asiye na hayo afike wiki ya 16, kisha asimame. Daftari la ndoto lisilo na mwisho humgeuza mtu kuwa mlinzi wa usingizi wake mwenyewe: anaamka mara tatu kuangalia kama ameota, anaanza kuchoka, na ndoto zinazidi kuwa nyingi kwa sababu anaamka mara nyingi. Andika tarehe ya kufunga kwenye ukurasa wa kwanza tangu siku unayoanza.

Baada ya hapo fungua mara mbili tu: tarehe ya talaka ikitimiza mwaka, na siku ukiingia kwenye uhusiano mpya. Hiyo ya pili wengi huipuuza. Wiki za kwanza za kulala na mtu mwingine zinaweza kumrudisha yule wa zamani ndotoni hata kama alikuwa amekwisha kubaki mpita njia. Andika kwa majuma matatu, jaza safu ileile ya “Mimi”, linganisha na ukurasa wako wa wiki ya 13. Na mpenzi mpya akiuliza ulikuwa unaweweseka nini, mwambie uliota. Kisa chenyewe si lazima umsimulie.